Protini kwa anayeanza kupiga vyuma: gramu ngapi kwa siku, na uzigawe vipi kwenye milo

Kijana mmoja tunayefanya naye mazoezi hapa Temeke, fundi wa kuchomelea mageti, alinifuata akiwa amekata tamaa. Miezi mitatu anapiga vyuma, uzito umegoma kwenye kilo 62, na squati haipandi. Akanionyesha daftari lake: "Kocha, kila siku nakula gramu 121 za protini, nimehesabu mwenyewe." Tukakaa na mizani tukahesabu upya chakula kilekile. Zilitoka gramu 57. Chakula alikuwa anakula kweli, kosa lilikuwa kwenye upimaji tu, na ndiyo maana hatua ya pili hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Pata namba yako

Zidisha uzito wako wa kilo kwa 1.6. Kijana wetu: 62 × 1.6 = 99, tukaiita 100.

Mtu mzima asiyefanya mazoezi hutosheka na gramu 0.83 kwa kila kilo, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Anayenyanyua anahitaji zaidi, lakini kuna mahali faida inakoma. Mwaka 2018 watafiti waliunganisha majaribio 49 ya watu wanaonyanyua vyuma, wakakuta kwamba kwa wastani, ukishavuka gramu 1.6 kwa kilo, kuongeza protini hakuongezi misuli kwa kiasi cha kuonekana. Wapo watakaofaidika kidogo hata hadi 2.2, ila anayeanza hana sababu ya kuanzia huko.

Kama una kitambi kikubwa, usitumie uzito wa mizani, maana mafuta hayahitaji kulishwa protini kiasi hicho. Chukua urefu wako kwa sentimita, toa 100, tumia hiyo. Mwenye urefu wa sentimita 170 ahesabu kwa kilo 70. Na kama una tatizo la figo, au una kisukari au presha na hujawahi kupima figo, muone daktari kabla ya kuongeza chochote.

Hatua ya 2: Pima kibichi au kilichopikwa, ila usichanganye

Hapa ndipo kijana alipopotea, na mimi mwenyewe nilipotea hapohapo kwa miezi mingi.

Jedwali la vyakula likisema maharage yana gramu 22 za protini kwa kila gramu 100, linasema maharage makavu. Ukiyachemsha yanakunywa maji, na gramu 100 kavu zinakuwa kama 250 sufuriani. Protini haijaongezeka, imesambaa tu. Kwa hiyo gramu 100 za maharage yaliyoiva zina kama 8 au 9. Kijana alipima gramu 200 za maharage ya mezani akaandika 44. Kweli ni 17.

Wali na ugali ni vivyo hivyo. Sahani yake ya wali ya gramu 300 aliiandikia 21 kwa namba ya mchele mkavu, kumbe ni 8. Ugali wa gramu 450 aliuandikia 36 kwa namba ya unga. Lakini ugali ule ulitokana na unga wa dona kama gramu 150 tu, yaani protini 12. Vyakula vitatu tu, na tayari gramu 64 ni za hewa.

Nyama inakwenda kinyume, kwa sababu inapoiva inapoteza maji. Robo kilo ya steki mbichi ina protini kama 50. Ikiiva inabaki kama gramu 180, na protini ni ileile 50. Ukipima ya kuiva kwa namba ya mbichi unajipunja. Halafu kuna mfupa: robo ya mchanganyiko kutoka buchani si robo ya nyama. Mimi napima mifupa baada ya kula, natoa uzito wake.

Ushauri wangu: nunua mizani ndogo ya jikoni na upime kila kitu kikiwa kikavu au kibichi, kabla hakijaingia sufuriani. Programu za simu sizipendi kwa anayeanza, kwa sababu ukiandika "maharage" zinakuletea majibu kumi, na huwezi kujua lipi ni kavu na lipi limepikwa. Kama unakula kwa mama ntilie, huwezi kupima kavu, basi tumia 8 kwa gramu 100 na uhesabu punje tu. Upawa wa mchuzi hauna protini ya maana. Baada ya wiki mbili jicho linazoea na mizani unaiweka kando.

Hatua ya 3: Andika unachokula sasa

Yeye ilikuwa hivi. Asubuhi chai ya rangi na chapati mbili, 10. Mchana wali maharage, 25. Usiku ugali, mchicha na dagaa wakavu gramu 20, kama 22 kwa pamoja. Dagaa waliokaushwa vizuri nawahesabia nusu ya uzito wao, maana mara nyingi kuna mchanga ndani.

Hesabu na protini ya nafaka. Wapo wanaosema ya mimea haihesabiki, sikubali. Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, maharage yanayo kwa wingi, na ukila vyote viwili vinakamilishana.

Hatua ya 4: Gawanya

Lenga gramu 0.4 kwa kilo kwa mlo, mara nne. Kwake ni 25. Si kwamba mwili unatupa kinachozidi 30, kama inavyosemwa jimu, unakifyonza chote. Ila misuli hujijenga vizuri zaidi ikipata vya kutosha mara kadhaa kwa siku kuliko mara moja usiku.

Tuliongeza mayai matatu asubuhi, ikawa 28. Mchana tukauacha, 25. Saa kumi jioni, kabla ya mazoezi, nusu lita ya mtindi, 16. Usiku dagaa wakawa gramu 40 badala ya 20, mlo ukafika 32. Jumla 101. Poda hatukugusa, na sioni kwa nini mtu anunue kopo wakati dagaa wako sokoni.

Mayai yapikwe. Jaribio moja lilionyesha kwamba yai lililoiva mwili unafaidi kama asilimia 90 ya protini yake, bichi kama asilimia 50.

Ukiwa umefunga Ramadhani, jumla haibadiliki: 40 kwenye futari, 20 baada ya tarawehe, 40 kwenye daku. Kwenye daku weka mayai na maharage, usiishie kwenye uji na chai.

Hatua ya 5: Angalia kwa wiki sita

Jipime asubuhi mara tatu kwa wiki, uchukue wastani. Kama vyuma vinapanda na uzito unapanda taratibu, usiguse kitu. Kama protini imetimia lakini uzito umesimama kabisa, kinachopungua si protini bali chakula kwa jumla: ongeza wali, ugali au karanga. Kijana wetu ilibidi aongeze pia chapati ya tatu asubuhi kuanzia wiki ya tatu. Wiki ya sita alikuwa kilo 63.4, na squati imetoka kilo 50 hadi 65.