Hedhi Ikichelewa Baada ya Homa Kali: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuhangaika

Tarehe 2 Aprili, asubuhi, alinijia dada mmoja anayeuza mitumba pale Malaba. Mkononi alikuwa na kipimo cha mimba cha mkojo kutoka duka la dawa, kina mstari mmoja. Akakaa, akapunguza sauti. "Sista, mimba hakuna na siku zangu hazijaja. Ile malaria ndiyo imeniharibu kizazi?"

Mimi ni mkunga, na swali hilo nalisikia kila msimu wa mvua. Sikumjibu moja kwa moja. Nilimuuliza kwanza: homa ilikushika siku ya ngapi tangu uanze kuona damu? Akanitazama kama nimemuuliza idadi ya nywele zake. Basi hilo ndilo jambo la kwanza la kuweka tayari, na linataka kalenda ya ukutani na kalamu tu. Andika siku damu ilipoanza. Siku ukiugua, andika siku homa ilipoanza na siku ilipokuacha. Tarehe hizo tatu zitamwambia mhudumu mambo mengi kabla hata hajakugusa.

Sababu ni hii. Mzunguko una nusu mbili ambazo hazifanani tabia. Nusu ya kwanza, tangu damu kuanza hadi yai kutoka, huvutika; inaweza kuwa fupi au ndefu. Nusu ya pili, tangu yai kutoka hadi damu nyingine, haivutiki sana: kwa wengi ni kama siku 14, tofauti ikiwa siku mbili tatu. Mwili ukiwaka homa ya nyuzi 39 au 40, ukishindwa kula, ubongo hupunguza ishara zinazoamrisha yai kupevuka. Ni kama mama mwenye nyumba anayeahirisha wageni kwa sababu kuna mgonjwa ndani. Yai husubiri, na hedhi nayo husubiri kwa kuwa inahesabu siku zake kuanzia yai lilipotoka.

Kwa hiyo homa iliyokuja kabla ya yai kutoka huchelewesha hedhi. Homa iliyokuja baada ya yai kutoka kwa kawaida haiicheleweshi. Damu huja siku yake, pengine na maumivu zaidi au matone siku moja mbili kabla. Hapo pana jambo ambalo wengi hawaambiwi: ukiugua katika wiki ya mwisho ya mzunguko wako na hedhi ikakosekana, usiitupie homa lawama. Fikiria mimba kwanza.

Tukachukua kalenda ya huyu dada. Damu ilianza tarehe 3 Machi, na mizunguko yake huwa ya siku 28 hadi 30. Tulitegemea hedhi tarehe 1 Aprili, na yai kutoka kama tarehe 17 au 18 Machi. Lakini homa ilimshika tarehe 12, akalazwa akawekewa dripu na sindano, akaendelea na vidonge nyumbani. Alianza kula vizuri tarehe 18. Yaani siku zile zile yai lilipotakiwa kujiandaa, yeye alikuwa kitandani akitapika hata uji. Nikamwambia hedhi hiyo haijachelewa kwa maana anayoiogopa. Yai ndilo lililochelewa, na huenda lilikuwa ndiyo kwanza limetoka.

Kisha nikamuuliza kuhusu mumewe. Akacheka kidogo. Mume, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa amerudi tarehe 28 Machi. Wao hutumia ule ushanga wa kuhesabu siku: ushanga mwekundu siku ya kwanza ya damu, nyeupe kutoka siku ya 8 hadi ya 19 ambazo ni za hatari, na kahawia zilizobaki ambazo huhesabiwa salama. Tarehe 28 Machi ilikuwa siku yake ya 26, ushanga wa kahawia. Kwa ushanga alikuwa salama kabisa. Kwa mwili wake, ambao homa ilikuwa imeusogezea yai mbele, huenda ile ndiyo ilikuwa siku ya hatari kuliko zote.

Ndiyo maana kipimo chake cha mstari mmoja hakikunipa raha. Kipimo cha mkojo husoma homoni ambayo mimba huanza kuitoa ikishajishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na hilo huchukua siku kadhaa baada ya yai kutoka. Kupima tarehe 2 Aprili kwa tendo la tarehe 28 Machi ni kupima siku ya tano. Hakuna kipimo kinachoweza kusema kitu mapema hivyo. Baada ya ugonjwa usihesabu kutoka siku hedhi ilipotarajiwa. Hesabu wiki tatu kutoka siku ya mwisho mlipokutana bila kinga. Kwake ilikuwa tarehe 18 Aprili. Nikamwandikia tarehe hiyo nyuma ya kadi yake, nikamwambia aweke ushanga pembeni, watumie kondomu mpaka damu irudi. Njia ile ni ya wenye mizunguko ya siku 26 hadi 32. Mzunguko ukitoka nje ya hapo mara mbili ndani ya mwaka, utafute njia nyingine.

Lipo pia jambo la kusema kabla ya dawa. Ukienda na homa kituo cha afya na hujui kama una mimba, sema hivyo kabla hawajaandika kitu. Malaria kwa mjamzito ni hatari kubwa zaidi kwake na kwa mtoto, na kuna dawa ambazo mjamzito hapewi, doksisaiklini ikiwa mojawapo. Sema pia unatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Mwenye sindano ya miezi mitatu anaweza kukaa miezi bila damu kwa sababu ya sindano yenyewe, hata asipougua. Na aliyeanza dawa za kifua kikuu zenye rifampisini ajue kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Kwake, matone yasiyo na mpangilio au kukosa siku si jambo la kungoja liishe. Apime mimba na abadilishiwe njia.

Chanjo sasa, maana hapa uvumi ulitutesa. Chanjo za korona zilipoanza kutolewa Uganda Machi 2021, wasichana wengi walikimbia wakiamini zitawafunga kizazi. Wanawake waliposema hedhi zao zimebadilika, wengine walipuuzwa, jambo ambalo nalo halikuwa haki, kwa sababu mabadiliko yalikuwepo, ila madogo. Utafiti wa kimataifa uliotoka 2022, wa wanawake karibu 20,000, ulionyesha mzunguko wenye chanjo uliongezeka kwa wastani wa chini ya siku moja. Kwa waliopata dozi moja, mzunguko uliofuata ukarudi ulivyokuwa. Waliopata dozi mbili ndani ya mzunguko mmoja walichelewa zaidi, siku chache, na mzunguko uliofuata ulikuwa bado mrefu kidogo, kwa chini ya siku moja. Wapo pia waliotoka damu nyingi kuliko kawaida yao mwezi huo. Kwa hiyo baada ya chanjo ningengoja mzunguko mmoja, kwa wingi miwili. Hedhi iliyochelewa wiki tatu baada ya chanjo ina sababu nyingine, na ya kwanza kuitafuta ni ile ile ya kipimo cha mkojo.

Kupungua uzito ni habari tofauti, kwa sababu hapo mwili haungoji homa ipite, unangoja akiba. Mafuta ya mwili yenyewe hutoa homoni inayouambia ubongo kwamba chakula kipo. Yakipungua ghafla, ishara ya yai huzimwa. Mama wa kilo 60 akishuka hadi 52 kwa sababu ya taifodi au kuhara kwa muda mrefu, anaweza kukosa damu miezi miwili mitatu, na hata akianza kurudisha kilo, hedhi hufuata nyuma kwa miezi kadhaa. Hapa saa ya kungoja huanza uzito unaporudi, si homa inapoisha. Pima uzito kila baada ya wiki mbili kwenye mizani ile ile na uandike. Namba zikipanda, subira ina maana. Zikiendelea kushuka, au kuna kikohozi cha zaidi ya wiki mbili na jasho la usiku, aache kuzungumzia hedhi aende apimwe kifua kikuu na VVU. Hedhi iliyokatika hapo ni ishara tu.

Muda wa kungoja kwa ujumla nauweka hivi. Baada ya homa kali, ikiwa mimba imeondolewa shaka kwa kipimo kilichofanywa kwa wakati wake, damu mara nyingi hurudi ndani ya wiki sita tangu kupona, na mzunguko mmoja au miwili inayofuata inaweza kuyumba. Aliyekuwa na mpangilio mzuri akifikisha miezi mitatu bila damu, aende akachunguzwe hata kama anajisikia mzima. Ambaye tangu zamani siku zake hazitabiriki hupewa hadi miezi sita.

Yapo yasiyongoja hata siku. Maumivu makali upande mmoja wa tumbo chini, kizunguzungu au kuzimia, na hedhi imechelewa: huyo apande boda sasa hivi, akiwa na mtu wa kumshika, kwa sababu mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi. Damu inayolowesha pedi nzima kila saa, saa mbili mfululizo, nayo vivyo hivyo. Na mama aliyekwisha kukoma hedhi mwaka mzima, akiona damu baada ya homa au chanjo, asiseme siku zimerudi. Aende.

Damu ya kwanza baada ya kuchelewa huja nzito mara nyingi, maana ukuta wa kizazi umepata muda wa kunenepa. Kwa aliyetoka kwenye malaria hilo lina uzito wa pekee: malaria imeshamvunjia chembe nyekundu za damu, kisha hedhi inachukua zilizobaki. Kabla hajatoka wodini aulize wingi wa damu yake umepimwa ukawa ngapi, na damu ikija aangalie viganja na ndani ya kope za chini. Vikiwa vyeupe, na ngazi mbili tu zinamhemesha, arudi kupimwa.

Yule dada wa mitumba alipata siku zake tarehe 12 Aprili, mzunguko wa siku 40. Alitumia pedi nyingi siku mbili za mwanzo, nikampima damu ikawa 10.4, tukamwanzishia vidonge vya madini ya chuma. Kipimo cha tarehe 18 alikifanya hivyo hivyo kwa kuwa nilikuwa nimekiandika kwenye kadi, mstari mmoja. Mzunguko uliofuata ulikuwa wa siku 31. Ushanga hajaurudia, mumewe ndiye aliyekataa.