Kabla Hujatuma Swali la Jiometri Bila Mchoro Wake

Ujumbe ulinifikia saa tatu usiku, kutoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeazima kitochi cha mama yake: "Shikamoo mwalimu. Kuna duara, O ni katikati. PA na PB ni mistari. Pembe P ni 50, pembe A ni 20. Tafuta pembe B. Mchoro upo kitabuni." Niliitikia, nikachukua karatasi na bikari, nikaanza kuchora. Nilichora mara ya kwanza, nikaona haifai. Nikachora mara ya pili na ya tatu. Michoro yote mitatu ilikubaliana na maneno yake, lakini haikukubaliana yenyewe kwa yenyewe.

Mwanafunzi yule hakuandika jambo lolote la uongo. Ila kitabu kilikuwa kimeligawa swali lake mafungu mawili: fungu moja limeandikwa kwa maneno, la pili limechorwa, na yeye alinakili la kwanza tu. Kitochi hakipigi picha ya kusomeka, kwa hiyo fungu la pili lazima ligeuzwe maneno. Kazi hiyo inawezekana kabisa, na ifanyike kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kitabu kikiwa bado wazi mbele yako.

Anza na herufi. Hesabu herufi zote zilizo kwenye mchoro, hata zile ambazo maneno ya swali hayakuzitaja, kisha kwa kila moja jiulize: hii inakaa wapi? Iko juu ya duara, ndani yake, au nje? Iko kwenye mstari gani? Kwenye mchoro wa mwanafunzi huyu, kama nilivyokuja kuujua baadaye, kulikuwa na herufi tano: O, P, A, B na C. Ujumbe wake haukuitaja C hata mara moja, kwa sababu swali lililochapwa halikuitaja. Lakini ile pembe ya nyuzi 20 ilikuwa kati ya mstari AO na mstari AC. Ukiiondoa C, pembe hiyo inabaki na mkono mmoja, na pembe yenye mkono mmoja haichoreki.

Baada ya herufi, taja mistari iliyochorwa, na useme kila mmoja unafanya nini unapolifikia duara. Hapa neno moja hubeba swali zima. "PA ni mstari" hainiambii kitu. Huenda PA inalikata duara na kuingia ndani, au inaligusa mahali pamoja tu na kupita. Ikiwa inagusa, basi ni tanjenti, na tanjenti hufanya pembe ya nyuzi 90 na nusukipenyo kinachokwenda pale inapogusa. Nyuzi 90 hizo hazijaandikwa popote kwenye swali, na bila hizo hakuna njia ya kuanza. Kwa hiyo andika: PA na PB ni tanjenti, zinaligusa duara kwenye A na B.

Pembe ziandike kwa herufi tatu, ya katikati ikiwa ndiyo kona yenyewe. "Pembe A" inatosha pale tu ambapo mistari miwili peke yake inakutana A. Kwenye mchoro huu inakutana mitatu: AP, AO na AC. Nikiambiwa pembe A ni nyuzi 20, nitaiweka kati ya ipi na ipi? Nilipomuuliza, alijibu kwamba ni OAC. Na "pembe B" aliyotakiwa kuitafuta ilikuwa OBC. Kama mchoro umeandika x mahali fulani, usiniandikie "tafuta x" peke yake, kwa kuwa mimi siioni hiyo x. Niambie x ni pembe ipi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wanafunzi wengi hawalioni, hata wale wanaoandika vizuri: nafasi. Macho yanaiona nafasi mara moja bila kuisoma, ndiyo maana mkono unasahau kuiandika. Tuseme swali lingeuliza tu pembe ACB, na mwanafunzi angeandika "C iko juu ya duara" akaishia hapo. Pembenne PAOB ina pembe mbili za nyuzi 90, kule A na B, na pembe ya nyuzi 50 kule P. Jumla yote ni 360, kwa hiyo pembe AOB ni nyuzi 130. C ikiwa kwenye tao kubwa, yaani ule upande mrefu wa duara kati ya A na B, pembe ACB ni nusu ya 130, nayo ni 65. C ikiwa kwenye tao dogo, upande uliomwelekea P, pembe ACB ni 180 kutoa 65, nayo ni 115. Majibu yote mawili ni sahihi kwa maneno aliyoandika, lakini kitabu kinataka moja.

Utasema basi, nitaandika "tao kubwa" na mambo yameisha. Kwa swali la ACB, ndiyo. Kwa swali lake halisi, bado. Pembe OAC ni nyuzi 20, na OA inalingana na OC kwa kuwa zote ni nusukipenyo, hivyo pembe OCA nayo ni 20 na pembe AOC ni 140. Chukua bikari uiweke C mahali ambapo AOC ni 140. Utagundua kuna sehemu mbili za kuiweka, na zote mbili ziko kwenye tao kubwa. Ya kwanza iko ng'ambo, mbali na B, na hapo O inakaa ndani ya pembe ACB. Ya pili iko jirani kabisa na B, nyuzi 10 tu mbele yake ukihesabu kutoka kitovuni, na hapo mstari AC unaukata mstari OB. Kwenye mchoro wa kwanza pembe OCB ni 65 kutoa 20, yaani 45, na pembe OBC ni 45 pia. Kwenye wa pili pembe OCB ni 65 jumlisha 20, na pembe OBC inakuwa 85. Tofauti ya nyuzi 40 imeletwa na sentensi moja iliyosahaulika: O iko upande gani wa mstari AC.

Kwa hiyo kabla ya kutuma, upitie mchoro kwa macho ukitafuta vitu vya aina hii. Nukta hii iko kati ya zipi? Mistari hii inakatana au haikatani? Kitovu kiko ndani ya umbo au nje yake? Kama umbo lina kona nne, zitaje kwa mpangilio ule unaozipita ukilizunguka. Pembenne ABCD na pembenne ABDC si umbo moja hata kama nukta zake ni zile zile, kwa sababu ubavu BC wa ile ya kwanza, kwenye ile ya pili, unageuka kuwa mstari wa kukatiza katikati.

Alama ndogo za kwenye mchoro nazo zigeuze maneno. Kimraba kwenye kona kinasema nyuzi 90. Vikwaju viwili vinavyofanana kwenye pande mbili vinasema pande hizo ziko sawa. Vishale kwenye mistari miwili vinasema ni sambamba. Kama alama haipo, usiongeze. Mstari unaoonekana umelala sawasawa na mwenzake si sambamba mpaka kitabu kiseme, na mstari unaoonekana kupita kitovuni si kipenyo mpaka uandikwe hivyo au O iwe juu yake wazi.

Na usipime mchoro kwa kipimapembe kisha ukaniletea vipimo hivyo kana kwamba vimetolewa na swali. Michoro mingi ya vitabuni haijachorwa kwa vipimo halisi. Mwanafunzi mwingine aliwahi kuniongezea kwa nia njema kwamba "AOB ni 126" kwenye swali la tanjenti kama hili hili, P ikiwa 50. Jumlisha 90, 90, 50 na 126, unapata 356 badala ya 360. Nilitumia muda kutafuta kosa kwenye hesabu zangu, kumbe 126 ilitoka kwenye mkebe wake. Ukiona pembe ulizoandika hazitimizi 180 kwenye pembetatu au 360 kwenye pembenne, ujue moja haikutoka kitabuni.

Ukitumia SMS, acha alama ya pembe na kile kiduara cha nyuzi. Simu nyingi zikikutana na alama ya pembe hupunguza nafasi ya ujumbe mmoja kutoka herufi 160 hadi 70, na kwenye kitochi huenda hata isionekane. Andika "pembe" na "nyuzi". Baada ya maswali yangu na majibu yake, ujumbe wa mwanafunzi wetu ulikuja hivi:

"Duara, kitovu O. P iko nje. PA na PB ni tanjenti, zinagusa duara A na B. C iko juu ya duara kwenye tao kubwa AB. Zimechorwa OA, OB, AC, BC. O iko ndani ya pembe ACB. Pembe APB nyuzi 50, pembe OAC nyuzi 20. Tafuta pembe OBC."

Ni SMS mbili. Kabla hajaituma nilimwomba amsomee kaka yake, ambaye hakuwa amekiona kitabu, naye achore akisikiliza tu. Kaka alichora duara, akaweka tanjenti, akafika kwenye C akauliza, "Niiweke wapi kwenye hilo tao?" Ni swali zuri, na jibu lake lilikuwa tayari kwenye ujumbe: popote panapoifanya pembe OAC iwe 20 huku O ikibaki ndani. Ikiwa huna wa kumsomea, funga kitabu, chora mwenyewe kwa kufuata ulichoandika na si unachokumbuka, kisha fungua ulinganishe. Ukiweza kuchora kwa namna mbili zisizofanana, kuna sentensi inayokosekana.

Inatokea pia kwamba mchoro wenyewe haupo, ukurasa umechanika au ubao umefutwa kabla hujamaliza kunakili. Hapo andika kila ulichonacho, kisha utenge kwa wazi ulichokisia: "nimekisia O iko ndani ya pembe ACB." Nikijua hicho ni kisio, nitakufanyia hesabu kwa njia zote mbili, ya 45 na ya 85, na wewe utatazama majibu ya nyuma ya kitabu uone ni mchoro upi uliokuwa pale.