Umetumia wembe au mswaki wa ndugu mwenye homa ya ini: fanya hivi (somo)

Wakuu, habari za leo. Wiki haipiti bila mtu kuniuliza swali hili, na kila mara naandika majibu yaleyale upya. Leo nayaweka mahali pamoja. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Uyole, Mbeya, lakini kabla ya kuwa mhudumu nilikuwa mtu wa kuuliza swali hilihili, na nilikosea hatua ya nne. Kwa hiyo hiyo nitaieleza kwa kirefu.

1. Kama umejikata, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue damu, usipake jiki wala spiriti.

2. Tupa huo wembe au mswaki. Kirusi cha aina B kinaishi nje ya mwili angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka ambayo huioni.

3. Muulize ndugu yako: ni B au C? Hili swali watu wanaliogopa, wanaona ni kumwaibisha mgonjwa. Muulize faragha, kwa upole, ila uulize, kwa sababu njia zinaachana hapa. B ina chanjo ambayo ukiiwahi inaweza kuzuia maambukizi hata baada ya tukio. C haina chanjo wala dawa ya kuzuia baada ya tukio, ila ina vidonge vinavyoponya kabisa. Asiyejua aina yake, omba aone karatasi ya majibu: HBsAg ni B, HCV ni C. Kama hakuna wa kuuliza, jichukulie kama aliyekutana na B, maana B ndiyo yenye haraka.

4. (Kwa B) Toa damu ya kipimo, kisha uchomwe chanjo siku hiyohiyo. Usisubiri majibu, na usisubiri "kuona dalili kwanza".

Mimi yalinikuta hivi. Kaka yangu alitoka Makete kuja kwenye harusi, akalala kwangu. Asubuhi ya Jumapili nilikuta mashine yake ya kunyolea, ile ya plastiki ya kutupa, imesimama kwenye kikombe bafuni. Katikati ya nyembe zake mbili kulikuwa na povu lililokauka na vinywele. Yangu ilikuwa butu. Nikaisuuza, nikanyoa, nikajikata chini ya kidevu. Kaka alipoona damu kwenye kola alinyamaza. Jioni ndipo aliponiambia: miezi minne nyuma alikwenda kuchangia damu, akaitwa pembeni na kuambiwa ana homa ya ini aina B.

Jumatatu nilikuwa na kazi. Jumatano ndiyo nilikwenda kupima, mahali ambapo sitapataja. Tone la damu kwenye kile kibao cha plastiki, dakika kumi na tano, mstari mmoja tu kwenye herufi C, ule unaoonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, si aina C ya ugonjwa. Nikaambiwa "uko salama". Nikarudi nyumbani, nikamwambia mke wangu tusiwe na wasiwasi. Sikuulizwa habari ya chanjo, na mimi sikujua kuuliza.

Kosa liko hapa. Kipimo cha siku ya tatu hakiwezi kuona maambukizi ya siku ya kwanza. HBsAg kwa kawaida huanza kuonekana kama wiki ya 4, na kwa wengine hadi wiki ya 9. Kipimo cha siku za mwanzo kina kazi moja tu: kuonyesha ulikuwaje *kabla* ya tukio. Kama ni hasi, maana yake hukuwa na ugonjwa zamani, na maana yake pia ni kwamba chanjo inakuhusu. Mimi niliisoma kama mwisho wa safari.

Wiki ya kumi nilianza kuchoka. Kupandisha gunia la viazi kwenye Fuso, kazi niliyoifanya miaka yote, kukanishinda. Mkojo ukawa kama chai ya rangi iliyokolea. Mke wangu ndiye aliyeona macho yana manjano. Safari hii mistari ilikuwa miwili. Na muda wote huo nilikuwa nimemhakikishia yeye kwamba niko salama. Alipimwa, akawa hasi, akaanza chanjo siku hiyohiyo. Mimi mwili ulikishinda kirusi: mwezi wa sita HBsAg ilikuwa hasi na kinga ilikuwa imejitokeza. Watu wazima wengi huwa hivyo, kama 95 kati ya 100. Ila wale waliobaki hubaki nacho maisha yote, na nani atakuwa kundi gani hakuna anayeweza kukuambia mapema.

Kwa hiyo zingatia haya:

Chanjo ya kwanza ndani ya saa 24 ndiyo bora. Kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Ya pili ni mwezi 1 baada ya hiyo ya kwanza, ya tatu ni miezi 6 baada ya hiyo ya kwanza. Hata kama umechelewa wiki tatu, anza, itakulinda na wembe wa kesho.

Ichomwe begani, kwenye msuli. Kwa mtu mzima ikichomwa kwenye kalio haishiki vizuri.

Kuna na sindano nyingine, HBIG, yenye kinga iliyo tayari. Ni ghali na si kila hospitali inayo. Kwa mtu aliyejikata ina maana ndani ya siku 7 tu. Uliza hospitali ya mkoa au ya rufaa, lakini usiiache chanjo ukiwa unaitafuta.

Kama ulishachanjwa dozi zote tatu na ukapimwa kinga ikawa 10 au zaidi, huhitaji kitu. Kalale.

5. Rudi kupima HBsAg wiki ya 9 hadi 12 tangu tukio, kisha ikitimia miezi 6 tangu tukio, pamoja na anti-HBc, kipimo kinachoonyesha kama uliwahi kukutana na kirusi chenyewe. Hadi hapo tumia kondomu na usichangie damu.

6. (Kwa C) Pima sasa kujua ulikuwaje. Kipimo cha kirusi chenyewe (HCV RNA) kinaweza kufanywa wiki ya 3 hadi 6. Ukishindwa gharama yake, pima kingamwili mwezi wa 6. Ukikutwa nacho, matibabu ni vidonge, kawaida kwa wiki 12.

Kuhusu mswaki: hatari yake ni ndogo kuliko wembe, inategemea damu ya fizi. Lakini kwa B usibahatishe, hatua ni zilezile. Sahani, kikombe, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja na mdogo wako: haviambukizi. Msimtengee ndugu yenu sufuria.

Maswali chini.

---

Kijana wa Mafinga: Mkuu nimetumia wembe wa shemeji ana homa ya ini nifanyeje

Mwandishi: Aina gani? Lini? Ulijikata? Soma hatua ya 3 na ya 4.

Kijana wa Mafinga: Sijui aina. Ni juzi. Nilikwaruzika kidogo. Si nisubiri kwanza nione kama nitaumwa?

Mwandishi: Hapana. Nimeandika aya tano kueleza kwa nini usisubiri. Nenda leo, mwambie mhudumu "nimejikata na wembe wa mtu mwenye homa ya ini juzi, naomba kipimo na chanjo". Sema hivyohivyo.

Mkulima Makambako: Mnatisha watu bure. Kuna mizizi huku unachemsha, unakunywa siku saba, ini linasafika. Bibi yangu kaponya wengi.

Mwandishi: Mzee wangu, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe. Kati ya watu wazima 100 wanaopata B, kama 95 wanapona bila dawa yoyote. Yeyote anayewapa maji ya mizizi ataonekana kawaponya. Na ini lililovimba ndilo linalochuja hiyo mizizi. Niliposhikwa na manjano, kitu cha kwanza nilichoambiwa ni kuacha dawa za kuchemsha na pombe. Kwenye uzi huu sitaruhusu mtu aache chanjo kwa ajili yake.

Dada Ipogolo: Shikamoo kaka. Mimi nilitumia mashine ya mume wangu kunyolea, yeye ana B. Kesho yake nikachanjwa, lakini damu hawakunipima. Siku ya sita nikaenda kupima mwenyewe, imetoka chanya! Nimelia usiku kucha. Imekuwaje mapema hivyo?

Mwandishi: Marahaba dada, na pole sana. Umeuliza kitu muhimu ambacho sikukiandika. Chanjo yenyewe imetengenezwa kwa HBsAg, ile protini ya ganda la kirusi bila kirusi. Baada ya kuchomwa inaweza kuzunguka kwenye damu na kufanya kipimo kiwe chanya hadi siku 18. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya sindano. Kwako kuna mambo mawili: inaweza kuwa ni chanjo, au ulikuwa nacho kutoka zamani, maana unaishi na mwenye B. Omba wakupime anti-HBc. Hiyo haiamshwi na chanjo, inaonyesha waliokutana na kirusi chenyewe. Kisha rudia HBsAg ukishapita mwezi mmoja tangu uchanjwe, kabla ya dozi ya pili siku hiyohiyo. Usiiache dozi ya pili.

Dada Ipogolo: Asante kaka. Nitarudi kusema.

Mtu wa Tukuyu: Mama mkwe alikuwa na C, akameza vidonge miezi mitatu akaambiwa kapona. Juzi kapimwa kwingine, chanya tena. Watoto wamechangia mswaki wake. Tumechanganyikiwa.

Mwandishi: Kile kibao cha C kinatafuta kingamwili, na kingamwili hubaki miaka hata mtu akishapona. Mwulizeni kama alipimwa RNA wiki 12 baada ya kumaliza vidonge. Kama haikuonekana, kapona, na mswaki wake hauna C. Kama hakupimwa, apimwe yeye kwanza kabla ya kuwatoa watoto damu ya kipimo.

Mama Watatu: Na watoto kwa B je? Wangu wana miaka 4 na 7, wanabadilishana miswaki na ya baba yao kila siku.

Mwandishi: Angalia kadi za kliniki. Chanjo ya B imo ndani ya pentavalenti, wiki ya 6, 10 na 14. Kama zote tatu zimejazwa, wana ulinzi. Asiye na kadi apelekwe apimwe, kwa sababu mtoto mdogo akipata B ni rahisi zaidi kibaki naye kuliko mtu mzima.

Mama Watatu: Zimejazwa zote. Ahsante.

Fundi Soweto: Mimi nyumbani nilifunga uzi wa rangi kwenye kila mswaki, na mashine ya baba inakaa chumbani kwake, haikai bafuni. Kinyozi naye namwambia afungue wembe mpya mbele yangu.

Mwandishi: Hiyo ya kuitoa bafuni ndiyo tuliyofanya na kaka. Akija sasa, mashine yake inabaki kwenye begi, na mimi namwekea mpya pembeni ya taulo kabla hajaomba.

Dada Ipogolo: Kaka nimerudi. Anti-HBc hasi. HBsAg ya leo hasi. Nimechomwa ya pili, bega la kushoto.

Mwandishi: Namshukuru Mungu, dada. Andika tarehe ya ya tatu kwenye kalenda ukutani. Pima tena HBsAg wiki ya 12, kisha mwezi wa 6 pamoja na anti-HBc. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu waombe wakupime kinga, iwe 10 au zaidi. Unaishi na mwenye B, kwa hiyo hiyo ya kinga usiiruke.