Toa kipimo kabla ya bei

Ukiwa na dagaa wa Kigoma wa kuuza kwenye grupu la mtaa, usianze na picha na bei. Kwanza wape watu kipimo: loweka kiganja cha dagaa kwenye bakuli la maji, koroga. Mchanga ukituama chini, ujue walianikwa ardhini, si kwenye kichanja. Watu watajaribu na wa jikoni kwao. Atakayeuliza "wasafi napata wapi?" ndiye mteja; mjibu inboksi. Mwezi mpevu ukikaribia, watahadharishe kwamba dagaa huadimika, maana taa za wavuvi hazivuti vizuri kukiwa na mbalamwezi. Kwenye grupu la msiba au michango haifai (huko nyamaza kabisa), wala kama dagaa wako nao wana mchanga.