SOMO: Kuandika tangazo la Krismasi wakati mvua imegoma na bei zimepanda

Wakuu, habari za Arusha. Kila Novemba naulizwa inboksi: "Tangazo la sikukuu niliandikeje wakati watu wana hali mbaya?" Naandika mara moja hapa, mkiulizwa mrudi hapa. Nachukulia ni meseji ya duka la vyakula, maana huko ndiko wengi mnakokosea.

1. Andika kwanza bei, kipimo na saa za kufungua. Salamu baadaye.

2. Gawa orodha ya namba kwa mahali watu wanapoishi.

Hapa niliwahi kuharibu. Desemba 2021 vuli haikuwa imenyesha ya kutosha, nami nilikuwa naandikia duka moja la jumla Moshi. Niliwaza wale wanaopanda kutoka Dar na fedha za likizo, nikaandika: "Msimu wa neema umefika! Jaza kapu, choma nyama, jiachie na familia!" Ikaenda kwa namba zote, wakiwemo wateja wa Simanjiro ambako mifugo ilikuwa inakufa kwa kukosa malisho. Mzee mmoja akajibu: "Nyama ninayo, imelala nje ya boma." Mpaka leo jibu lile linaniuma.

Elewa kilichompata. Mfugaji hununua unga kwa fedha ya mbuzi. Ukame ukija mbuzi anakonda, kila mtu anapeleka wake mnadani, bei ya mbuzi inaanguka. Wakati huohuo mahindi yanapanda. Mbuzi aliyemletea gunia mwaka jana sasa hamletei hata nusu yake. Ukimwambia "jiachie", unamwonyesha kwamba humjui.

3. Futa amri za kufurahi: jiachie, ponda raha, usikubali kupitwa. "Krismasi njema" inabaki.

4. Usikimbilie huruma. Hili ndilo kosa la wanaojirekebisha: "Tunajua hali ni ngumu, tupo pamoja nawe," kisha chini yake bei mpya iliyopanda. Mteja anasoma unafiki. Taja ugumu pale tu unapotoa kitu kinachoupunguza: bei iliyoshikiliwa hadi tarehe fulani, kipimo kidogo, usafiri wa bure. Kama huna cha kutoa, nyamaza kuhusu ugumu, toa taarifa. Na kama mfuko umepungua kutoka kilo 1 hadi gramu 900, sema. Atakayeugundua nyumbani hatarudi.

Meseji ile ningeiandika hivi leo (bei ni ya mfano):

"Krismasi njema. Sembe kilo 5: Sh 9,000, bei ileile ya Oktoba, hadi Desemba 31. Kilo 1 ipo, nusu kilo pia ipo. Saa 1 asubuhi hadi saa 2 usiku."

5. Usiipange meseji ijitume yenyewe wiki mbili mbele. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope yalipiga Katesh, Hanang. Wiki ile shangwe iliyopangwa Novemba ingefika kwenye simu za wafiwa. Itume kwa mkono, asubuhi, baada ya kusikiliza taarifa ya habari.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu, nitumie tu tangazo la kunakili, la saluni.
Jibu: Somo ni la vyakula, limeandikwa juu. Hatua ya 1 na ya 3 zinakutosha. Soma.

Kijana wa Mbuyuni: Unaua sikukuu. Watu wanataka faraja.
Jibu: Sijafuta sikukuu, nimefuta amri ya kutumia fedha. Anayepanda kutoka Dar mwandikie kuhusu nyama ya kuchoma, ndiyo maana ya hatua ya 2. Soma tena kabla ya kunishambulia.

Mama Kiboroloni: Shikamoo mwalimu. Je, Ramadhani ni hivyohivyo? Wateja wangu hununua kidogo kidogo kila siku.
Jibu: Marahaba mama, swali zuri sana. Hapo ndipo kipimo kinashinda punguzo. Asilimia 10 kwenye kilo 5 za sukari haimsaidii mwenye fedha ya robo. Funga futari ya siku moja: tambi, sukari robo, tende chache, kisha andika bei moja ya jumla. Usiite "kifurushi cha wanyonge", hakuna anayetaka kuonekana amekibeba. Kiite "futari ya leo".

Mama Kiboroloni: Ahsante. Naweza kuweka imoji ya mwezi?
Jibu: Kwenye meseji ya kawaida, hapana mama. Imoji moja tu inashusha nafasi kutoka herufi 160 hadi 70, kwa hiyo unalipia meseji mbili au tatu badala ya moja. Hata alama za nukuu zilizopinda, zile za kunakili kutoka kompyuta, hufanya hivyo. Zifute, uandike upya kwa simu.