Kutoka riali ya Omani hadi shilingi ya Tanzania kwa kupitia dola

Ukiwa Maskati na riali zako mkononi, huenda orodha ya benki yako ya nyumbani ikawa na dola, yuro na pauni, lakini riali ya Omani haimo. Hapo hesabu inabidi ipite kwenye dola: kwanza riali inakuwa dola, kisha dola inakuwa shilingi. Wengi wanaijua njia hii. Kinachowapotosha ni kuchagua bei isiyo yao katika kila hatua.

Hatua ya kwanza ina nafuu moja kubwa. Riali ya Omani imefungwa kwenye dola, na tangu 1986 riali 1 ni sawa na dola 2.6008. Dirhamu ya Emirati nayo imefungwa, dola 1 kwa dirhamu 3.6725, na riyali ya Saudia ni 3.75. Kwa hiyo aliyeko Ghuba akisikia bei imebadilika, karibu kila mara kilichosogea ni shilingi. Hiyo ndiyo ya kufuatilia.

Kiwango hicho rasmi, hata hivyo, sicho utakachopewa dukani. Duka la kubadilishia fedha lina bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na majina hayo yanatazama upande wa duka, si wako. Unapotoa riali upewe dola, duka linakuuzia dola, kwa hiyo soma bei ya kuuza. Dola zikifika Dar es Salaam au Unguja, benki inazinunua kutoka kwako, na hapo unasoma bei ya kununua. Kila hatua inakupa ile bei isiyokupendelea. Ukiona hesabu yako imetoa jibu la kupendeza mno, rudi ukaangalie safu uliyosoma.

Tuchukue riali 300, na bei za mfano tu. Duka la Maskati linauza dola 1 kwa baisa 386, yaani riali 0.386. Benki ya nyumbani inanunua dola kwa shilingi 2,550 na kuiuza kwa 2,620. Bei ya Maskati imeandikwa kwa riali ngapi kwa dola moja, kwa hiyo tunagawanya: 300 ÷ 0.386 = dola 777.20. Bei ya nyumbani ni shilingi ngapi kwa dola moja, kwa hiyo tunazidisha: 777.20 × 2,550 = shilingi 1,981,860. Kama huna hakika ugawanye au uzidishe, kumbuka kwamba riali ni nzito kuliko dola, hivyo idadi ya dola lazima iwe kubwa kuliko ya riali. Ukipata dola 115.80, umezidisha pale pa kugawanya.

Usikate tarakimu mapema. Ukiifanya 0.386 kuwa 0.39, dola zinashuka hadi 769.23, na kwenye karatasi umepoteza zaidi ya shilingi 20,000 ambazo hakuna aliyezichukua. Acha kukadiria hadi ufike kwenye shilingi.

Sasa tazama safari hii imekugharimu nini. Kwa kiwango rasmi cha riali na bei ya katikati ya shilingi, yaani 2,585, ungepata takriban 2,016,920. Pengo ni kama shilingi 35,000, na kati ya hizo karibu 27,000 zimebaki kwenye hatua ya pili. Kuzunguka maduka ya Maskati ukitafuta baisa moja pungufu kuna faida, lakini faida kubwa zaidi iko kwenye kulinganisha benki za nyumbani.

Jibu hili pia ni kipimo. Gawanya 1,981,860 kwa 300, utapata shilingi 6,606 kwa riali. Kampuni ya kutuma fedha ikikutajia bei ya moja kwa moja ya 6,650, inaonekana bora. Lakini ikikata ada ya riali 2 kabla ya kubadilisha, zinabaki 298, na 298 × 6,650 ni 1,981,700: pungufu kidogo ya njia ya dola. Kwa upande wa dola pia, ada ya benki ya kutuma na ya kupokea itolewe kwenye dola kabla ya kuzidisha. Ukibeba noti mkononi badala ya kutuma, uliza kwanza bei ya noti ndogo, maana maduka mengi ya nyumbani hununua dola za noti ndogo kwa bei ya chini kuliko za 50 na 100.

Aliyeko Sweden au Norwei atumie hesabu hii hii, ila krona haijafungwa kwenye dola. Kwake bei zote mbili zichukuliwe siku moja, na ikiwezekana saa ileile, kwa sababu krona ya jana na shilingi ya leo zinatoa jibu ambalo hakuna benki itakayolilipa.