Kutoka "hutumia" hadi "watumie": kutafuta daraja lililofichwa kwenye hoja

Ninafundisha mdahalo Kisumu. Muhula uliopita mada ilikuwa nyavu za macho madogo ziwani, na kijana wa kidato cha tatu akasimama: "Mwalimu, ufuoni karibu kila mtu anazitumia. Kwa hivyo waachwe wazitumie." Darasa likapiga makofi. Hivi ndivyo tulivyoifungua hoja yake.

Hatua ya 1: Pigia vitenzi mstari. Andika kila sentensi kwenye mstari wake. Juu kuna "anazitumia", chini "waachwe". Kiswahili chenyewe kinakufichulia: -na- na hu- kwa kawaida hueleza yaliyopo, ilhali "waachwe" huagiza, na pia "inafaa" na "wanapaswa", ingawa vina -na-. Kuruka huku ndiko David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, alikokulalamikia mwaka 1740: waandishi wa maadili huanza na yaliyopo, ghafla wako kwenye yapasayo, na njia hawaionyeshi.

Hatua ya 2: Mdai sentensi iliyokosekana. Kijana alijikuna kichwa, akaandika: "Jambo likifanywa na wengi, liruhusiwe." Hilo ndilo daraja. Hesabu wavuvi mmoja mmoja kutoka Dunga hadi Usenge. Utajua ni wangapi, lakini hesabu hiyo haitakuzalia sentensi hii.

Hatua ya 3: Vusha mzigo mwingine. Matatu nyingi zikijaza abiria kupita kiasi, nazo ziruhusiwe? Alikataa. Basi ama alivunje daraja lake, ama alitengeneze: "liruhusiwe iwapo halimdhuru mtu." Akilitengeneza hivyo, wingi wa watu umetoka kwenye hoja na sasa tunabishania madhara.

Hatua ya 4: Geukia upande wako. Hapa ndipo tulipomaliza kipindi. Msichana alisema nyavu hizo hunasa mbuta wachanga kabla hawajazaa, kwa hivyo zisitumike. Nilikuwa upande wake, na niliona uchungu kidogo kumwambia naye ameruka. Biolojia inaeleza kitakachotokea kwa samaki. Haisemi kwamba samaki wa mwaka ujao walindwe hata kama mvuvi wa leo atalala njaa. Alipoiandika sentensi hiyo waziwazi, nusu ya waliomuunga mkono walisita. Ukweli wake haukubadilika hata kidogo. Ugomvi ulikuwa kwenye daraja tangu mwanzo.

Chunga sana neno "kawaida". Linamaanisha "hutokea mara nyingi" na pia "si vibaya", na watu huingia na maana ya kwanza wakatoka na ya pili. Mimi hulifuta na kumwomba msemaji achague moja.

Kuna kesi moja ngumu: ahadi. Mwaka 1964 John Searle, mwanafalsafa wa Marekani, alidai kwamba ukweli tu kwamba mtu ameahidi unatosha kuonyesha anapaswa kutimiza. Mvuvi aliyekubali kanuni za ufuo angeonekana amefungwa na neno lake. Wapinzani hujibu kwamba daraja limejificha ndani ya neno "ahadi". Jaribu kusema, "Alitamka maneno ambayo watu wa hapa huyaita ahadi," uone kama lile agizo bado limo.